Barua ya daktari ninayo, ndege nusura iniache

Nimekuwa na hasira na shirika hili la ndege kwa wiki kadhaa, na ninaandika zikiwa hazijaisha. Nilifika kaunta mapema, barua ya daktari mkononi, mimba ya mtoto mmoja isiyo na shida yoyote. Kijana wa kaunta akaangalia tumbo, akauliza kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia: "Mama, hiyo ni ya miezi mingapi?" Nikamjibu miezi saba na kitu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Usijibu kwa miezi kamwe. Mashirika ya ndege yanahesabu wiki, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho au kwa tarehe iliyosahihishwa na ultrasaundi. "Miezi saba na kitu" inaweza kuwa wiki 31 au wiki 34, na mtu wa kaunta asiye na uhakika atachukua ile kubwa. Sema "wiki 33", kisha onyesha kadi ya kliniki iliyoandikwa tarehe ya makadirio ya kujifungua, ile inayofupishwa EDD.

Barua yangu ilikataliwa kwa sababu moja tu: ilikuwa na umri wa siku 17. Kanuni yao inataka barua iliyoandikwa ndani ya siku 7 kabla ya safari. Kijana alinirudishia bila kunieleza, akamwita abiria wa nyuma yangu. Kanuni haikuniuma kama nilivyoumizwa na kule kugeuziwa uso.

Msimamizi wa zamu ndiye aliyeniokoa. Alinielekeza kwa daktari wa zahanati ya uwanja wa ndege, aliyesoma kadi, akapima presha, akaandika barua nyingine. Nilipanda nikiwa karibu wa mwisho. Lakini kabla sijaondoka kaunta, msimamizi aliangalia tiketi ya kurudi, akaniambia taratibu: "Dada, hii ya kurudi hawatakupandisha." Na alikuwa sahihi.

Piga hesabu hii kabla ya kulipa. Tarehe yangu ya makadirio, yaani siku ya kutimiza wiki 40, ilikuwa 20 Novemba. Ukirudi nyuma wiki 12 unapata 28 Agosti, siku unayotimiza wiki 28. Mashirika mengi yanaanza kudai barua hapo. Ukirudi nyuma wiki 4 unapata 23 Oktoba, siku ya kutimiza wiki 36, na wengi wanafunga mlango hapo kwa mimba ya mtoto mmoja. Mimi nilikuwa naondoka 2 Oktoba, wiki 33 kamili, hapakuwa na tatizo. Kurudi kulikuwa 27 Oktoba: wiki 36 na siku 4. Tarehe ya kwenda ilinipumbaza nisihesabu ya kurudi. Kwa mapacha ukomo huwa wiki 32, maana wao hutangulia mara nyingi, kwa hiyo hata safari yangu ya kwenda isingewezekana.

Kaa mbali na siku ya ukomo. Shirika moja likiandika "hadi mwisho wa wiki ya 36" na jingine "hadi wiki 36", tofauti inaweza kufika siku 7. Waulize kwa maandishi, ukitaja tarehe ya makadirio na tarehe zote mbili za kusafiri. Kama tiketi ina maneno `Operated by` yakifuatwa na jina la shirika jingine, soma pia kanuni za hilo linalorusha ndege, kwa kuwa wafanyakazi wake ndio watakaokuzuia mlangoni.

Barua yenyewe iwe kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, na iseme: mtoto ni mmoja au mapacha, wiki ngapi, tarehe ya makadirio, kwamba hakuna matatizo, na kwamba unafaa kusafiri kwa ndege tarehe fulani hadi fulani. Saini, mhuri, na tarehe ya kuandikwa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa nimeapa kutowapanda tena. Kusema kweli kanuni ilikuwepo kwenye tovuti yao, na sababu yake naielewa: uchungu ukianza angani hakuna chumba cha kujifungulia wala vifaa vya mtoto njiti. Lakini ukurasa wao wa kukata tiketi uliniuliza chakula, mizigo na kiti cha magurudumu, ukaacha kuniuliza ujauzito, kisha kubadilisha tarehe ya kurudi nikatozwa ada! Hilo siwasamehe. Msimamizi yule ningempa nyota zote. Shirika lenyewe lipate mbili.

Nilirudi 16 Oktoba, wiki 35, kwa barua ya tatu iliyoandikwa huko huko siku mbili kabla ya safari. Ile ya zahanati ilikuwa imeshapita siku 7.