Ubao wa mbao wa kupimia watoto: miezi minane nikiutumia kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Ubao huu wa kupimia urefu wa watoto walio chini ya miaka miwili nauamini, ila kwa sharti moja: wapimaji wawe wawili. Nilijifunza hilo kwa mtoto mmoja wa kiume wa miezi minane, kilo 6.5.

Siku hiyo mwenzangu alikuwa kwenye mizani, nikampima peke yangu. Mtoto alilia, akakunja magoti, nami nikasoma sentimita 65.8. Kwenye jedwali, uzito wake ulimtosha kwa urefu huo, lakini kwa umri wake alionekana amedumaa. Mama yake akasema, "Dada, huyu amekonda, mimi namjua." Nikamwita mwenzangu turudie.

Tulimvua soksi na kofia. Mwenzangu alipiga magoti nyuma ya kichwa cha ubao, akamfunika masikio kwa viganja bila kubana, utosi ukagusa mbao na macho yakatazama juu moja kwa moja. Kidevu hakikuzama kifuani wala kuinuka. Mama alisimama karibu, uso wake uonekane. Mimi nilikaa ubavuni, mkono wa kushoto juu ya magoti ukiyashusha polepole, wa kulia ukisogeza kibao cha miguuni mpaka nyayo zote mbili zikakigusa bapa, vidole vikielekea juu. Nilisoma macho yangu yakiwa juu ya mstari, kwa sababu ukisoma kwa pembeni namba inahama. Nikaitamka kwa sauti kabla sijaachia miguu: 67.1. Tukarudia, tukapata 67.2.

Majibu yote mawili yaligeuka. Kwa mvulana wa miezi minane, mpaka wa udumavu ni 66.2, kwa hiyo hakuwa amedumaa. Lakini kwa urefu wa sentimita 67, uzito chini ya kilo 6.6 ni ukondefu. Mama alikuwa sahihi, na mtoto akaingizwa kwenye mpango wa lishe. Magoti yaliyokunjwa humfanya mtoto mwembamba aonekane ana uzito wa kutosha, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Kosa la upande wa pili lipo pia: kibao kikigusa ncha za vidole tu, urefu unazidi. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya milimita 7, sisi tunaanza upya.

Kichanga hatumnyooshi kwa nguvu. Magoti yake hayanyooki kabisa, tunabonyeza kidogo tu na kusoma haraka. Mtoto mkubwa akikataa kabisa, tunanyoosha mguu mmoja na kuusomea huo.

Lawama yangu kwa ubao ni kibao cha miguuni. Baada ya miezi kadhaa ya vumbi na kubebwa kwenye bodaboda kililegea, kikawa kinainama ukikisukuma. Sasa kila asubuhi tunaweka fimbo ya sentimita 60 juu ya ubao. Ikisoma namba nyingine, hatupimi mtoto mpaka skrubu zikazwe.