Nguo na Lebo kwa Asiyetofautisha Nyekundu na Kijani: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mama mmoja wa Chumbageni, Tanga, ameniandikia kwa uchungu. Alinunua mtandaoni pakiti ya vibandiko vinavyouzwa kwa ajili ya watu wenye upofu wa rangi, na alipoifungua akakuta vitone vyekundu, vya kijani na vya hudhurungi, bila herufi hata moja. Muuzaji anamtaka mtoto wa mama huyo asome kwa jicho jambo lile lile ambalo jicho lake haliwezi kulisoma, kisha anatoza bei ya kitu cha kitaalamu.

Suala hili liko nyumbani kwangu. Kaka yangu anayo hali hii na mwanangu anayo vilevile, kwa sababu hubebwa na kromosomu ya X, na mama huweza kumrithisha mwanawe ingawa yeye mwenyewe anaona rangi zote. Wote wawili ni wa aina ambayo nyekundu huonekana imefifia na kuingia giza, hivyo suruali ya damu ya mzee na suruali nyeusi kwao ni nguo moja. Aina ya pili, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, haitii nyekundu giza namna hiyo, lakini nayo huchanganya kijani cha jeshi na hudhurungi.

Kwa hiyo sijali sana ubora wa kitambaa wala jina la rangi. Ninachokitazama ni tofauti ya giza na mwanga kati ya nguo zitakazokaa kabati moja, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalipimi. Wengine hushauri kupiga picha isiyo na rangi, lakini kwa mtu kama kaka yangu kipimo hicho hudanganya, kwa kuwa kamera huionyesha nyekundu kama kijivu cha kati ilhali yeye huiona karibu na nyeusi. Kwenye mipangilio ya simu ya Android, gusa `Build number` mara 7 ili kufungua `Developer options`, kisha ndani ya `Simulate color space` uchague `Protanomaly`, au `Deuteranomaly` kwa ile aina ya pili. Fungua kamera na uzielekeze nguo mbili zikiwa bega kwa bega. Zikifanana kwenye kioo cha simu, usizinunue pamoja. Mwanangu alihitaji suruali tatu, na tulipozipima hivyo, damu ya mzee na nyeusi zikawa kitu kimoja huku kaki ikijitenga wazi. Tukaacha ile ya damu ya mzee, tukachukua ya kijivu hafifu.

Kipimo hicho kifanyike juani. Turubai la buluu linalofunika meza ya mitumba hubadilisha mwanga wote uliopo chini yake, na bado wapo wauzaji wanaofoka ukitaka kusogea hatua mbili na nguo mkononi, kana kwamba unakimbia nayo. Wengine hukata hata lebo za kiwandani.

Kwa upande wa lebo, nafasi ya kwanza naipa Artline 750, kalamu ya wino wa kuandikia nguo, pamoja na utepe mweupe wa pamba unaouzwa kwa mita. Naipendelea kalamu hii waziwazi, kwa sababu wino wake umetengenezwa kwa kitambaa na hustahimili kufuliwa, wakati kalamu za kawaida hutawanyika na kuacha wingu la kijivu. Utepe usiwe wa satini ya poliesta, maana haunywi wino vizuri. Andika kwa herufi kubwa, uache ukauke kabisa kabla ya kufua, kisha umpe fundi wa Ngamiani aushone ndani ya kiuno kwa nyuma. Usiandike jina la rangi peke yake. Ongeza herufi ya kundi, ili suruali yenye A ivaliwe na shati lolote lenye A, kwani kujua kwamba suruali ni kijani hakumwambii mvaaji inapatana na nini.

Nafasi ya pili ni alama za ColorADD, alizozibuni Mreno Miguel Neiva. Kila rangi ya msingi ina umbo lake, na maumbo hayo huunganishwa kuonyesha rangi za mchanganyiko. Ni mfumo mzuri, lakini wauzaji wa hapa hawauweki kwenye nguo, na mvaaji lazima ajifunze alama zake kwanza.

Fundo la uzi ndani ya pindo ni rahisi, nalo latosha kutenga soksi. Miwani ya rangi naiweka mwisho: huongeza tofauti ya baadhi ya rangi kwa baadhi ya watu, haimpi mtu uoni wa kawaida, na bei yake ingelipia utepe wa ukoo mzima.