Uzoefu wangu na Gmail zilizolala: Google wanavyozifuta, na kwa nini

Utaratibu wa Google wa kufuta akaunti zisizotumika naupa nyota nne kati ya tano. Mimi ndiye ninayepigiwa simu kila mtu wa ukoo wetu akisahau nenosiri, kwa hiyo akaunti zilizolala nimezikuta nyingi. Nyingi huzaliwa dukani. Unanunua simu, fundi anakufungulia Gmail mpya ili Play Store ikubali, nenosiri linaandikwa kwenye boksi, na boksi linatupwa. Simu ikifa, inakuja nyingine na Gmail nyingine.

Sheria yenyewe ilitangazwa Mei 2023, ufutaji ukaanza Desemba mwaka huohuo. Akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, barua na picha za Google Photos zikiwamo. Za shule na makampuni hazimo. Kabla ya kufuta wanatuma taarifa mara kadhaa, kwenye akaunti yenyewe na kwenye anwani ya akiba uliyoiandikisha kwa ajili ya kuirudisha.

Ya shangazi yangu taarifa iliangukia kwangu, kwa kuwa anwani ya akiba ni yangu. Nilipompigia alibisha: “Wewe, simu si naitumia kila siku?” Anaitumia kweli, lakini kwa Gmail mpya. Ya zamani, yenye picha za harusi ya binti yake, imo kwenye simu hiyohiyo na hakuna anayeifungua. Google wanahesabu akaunti, hawahesabu simu. Kupokea barua nako hakusaidii kitu kama hakuna anayezisoma. Alipokuja nyumbani niligusa ile picha ya duara pembeni juu ya Gmail, nikahamia akaunti ya zamani, nikafungua barua moja na kumjibu aliyeituma. Kisha nikafungua Google Photos kwa akaunti hiyohiyo, maana hata huko wanataka uonekane ndani ya miaka miwili. Chai ilikuwa bado ya moto.

Wengi wanadhani shida ni nafasi tu kwenye seva. Nafasi ni gharama, sawa, ila sababu waliyoitoa Google ni usalama: akaunti zilizotelekezwa zina uwezekano mdogo walau mara 10 wa kuwa na uthibitishaji wa hatua mbili kuliko zinazotumika. Nenosiri lake ni la zamani, mara nyingi ndilo lililotumika kwenye tovuti nyingine iliyokwisha kuvuja. Mwizi akiingia humo hakuna wa kumshtukia. Halafu anakwenda Facebook, anabonyeza kwamba amesahau nenosiri, na kiungo cha kulibadilisha kinatumwa kwenye kikasha alichokwisha kukishika. Hapo barua pepe uliyoisahau imemfungulia akaunti unayoitumia kila siku.

Kinachonifanya niwaamini zaidi ni kwamba anwani ya Gmail ikifutwa hapewi mtu mwingine. Yahoo mwaka 2013 waliamua vingine: majina yaliyokaa mwaka mzima bila kutumika waliyagawa kwa watu wapya, na baadhi ya hao wakaanza kupokea barua za wenye majina wa kwanza, zenye mambo yao binafsi. Ikabidi Yahoo waongeze kitufe cha kusema barua hii si yangu. Kwa Gmail iliyofutwa, anayekuandikia anarudishiwa barua yake na ujumbe wa aina hii:

```
550 5.1.1 The email account that you tried to reach does not exist
```

Kuna mtoa huduma mwingine, simtaji, aliyempa mjomba kipigo cha aina tofauti. Huko muda ni mwaka mmoja. Mjomba aliingia vizuri, nenosiri likakubaliwa, anwani ni yake ileile, ila kikasha kilikuwa kitupu kama kimefunguliwa asubuhi hiyo. Nakala za hati za shamba alizotumiwa na wakili zilikuwa humo. Kwa hiyo kuingia tu hakuthibitishi kwamba barua zako zipo. Tazama tarehe ya barua ya zamani kabisa.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu onyo linategemea taarifa za akiba, na za watu wetu zimechakaa. Namba ya simu iliyoandikishwa ni ya laini iliyokwisha kufungwa, na laini isiyotumika kampuni ya simu huiuza upya. Msimbo wa kuirudisha akaunti unaweza kuingia kwenye simu ya mtu usiyemjua. Kwa shangazi nilianza kwa kubadilisha namba, ndipo nikafungua `myaccount.google.com/inactive`, penye Inactive Account Manager, yaani sehemu ya kupanga akaunti ifanyweje mwenyewe akinyamaza. Hapo nimechagua miezi 12 ya ukimya, na bintiye nimemweka kuwa mtu wa kuarifiwa na kuruhusiwa kupakua picha. Penye swali la kufuta akaunti baada ya hapo, shangazi amekataa.