Sabuni ya nepi na nguo za kichanga: ipi ununue ukiwa Dodoma

Kabla ya kwenda dukani, jaza chupa nusu kwa maji unayofulia, tia kipande kidogo cha sabuni ya mche, kisha tikisa. Povu likijaa, maji yako ni mepesi. Yakigeuka meupe kama tui na povu likawa haba, ni maji magumu, yenye chokaa. Maji ya visima vya Dodoma mara nyingi huwa hivyo, na hayo ndiyo yatakayokuamulia sabuni.

Nafasi ya kwanza naipa sabuni ya unga isiyo na manukato. Haigandi na chokaa kama mche, kwa hiyo husuuzika. Usilipe zaidi kwa sababu ya picha ya mtoto kwenye pakiti. Tafuta maandishi yanayosema haina manukato, na usizidishe kipimo.

Ya pili ni mche mweupe. Ni wa bei nafuu, na kwa maji ya mvua unafaa sana. Kwa maji magumu huacha utando ndani ya nyuzi. Mwanangu wa kwanza nilimfulia hivyo tukiishi Nkuhungu. Baada ya wiki kadhaa nepi zilikuwa ngumu kama turubai, mkojo hauingii, na mapaja yake yamekuwa mekundu. Nikadhani hazijatakata, nikaongeza sabuni, hali ikazidi. Dawa ilikuwa kuzichemsha mara mbili bila sabuni yoyote. Maji yalitoka ya maziwa, na nepi zikaanza kunyonya tena.

Sabuni ya maji ya kupimiwa mtaani naiweka mwisho, kwa kuwa hujui ukali wake. Kilainisha nguo usinunue kabisa: hupaka nyuzi na kuzuia nepi isinyonye.

Sasa usafi wenyewe. Sabuni, iwe pole au kali, kazi yake kubwa ni kuondoa uchafu. Vijidudu vinauawa na joto. Mwaga kinyesi chooni, suuza nepi kwa maji baridi kwanza, maana ya moto hugandisha doa, kisha fua. Halafu changanya majagi mawili ya maji yanayochemka na moja la baridi, utapata joto la karibu nyuzi 70. Zamisha nepi kwa mti, si kwa mkono, na uziache robo saa. Suuza mpaka maji yasiteleze vidoleni. Anika juani zikauke kabisa, kisha piga pasi hadi kwenye mishono, kwa sababu kuna nzi wanaotaga kwenye nguo mbichi na funza wao huingia ngozini.

Jiki itumie siku za kuharisha tu, na usiitie kwenye nepi yenye mkojo: hutoa hewa inayodhuru mapafu. Suuza mkojo kwanza.

Kila baada ya wiki mbili, dondoshea nepi kavu kijiko cha maji. Yakizama mara moja, endelea na sabuni yako. Yakisimama juu kama shanga, kuna mabaki; chemsha bila sabuni, kisha punguza kipimo.