Kufunga ndoa sasa au kungoja Zohali ipite?

Wapendwa, chati zenu za nyota nimeziangalia na sifichi, zinagongana. Mwezi wa kaka uko Kondoo digrii 12, wa dada uko Kaa digrii 14, hapo ni karibu pembe ya 90 kabisa, yaani kaka akikasirika anataka yaongelewe saa hiyohiyo, dada ananyamaza mpaka kesho, na kila mmoja anaona mwenzake hajali. Ila Zuhura zenu ziko pembe ya 120, raha mnaielewa sawa.

Mkioana sasa mnaingia Zohali ikiwa juu ya Mwezi wa kaka na inambana na dada pia. Mtajuana haraka, lakini kwa ugomvi.

Mkingoja, Zohali inapita hapo mara tatu, inaenda, inarudi nyuma, inaenda tena, kama mwaka hivi. Presha inapungua, ila ile pembe ya 90 haiondoki, msidanganyike.

Mimi naegemea kungoja, ila kwanza dada aulize nyumbani saa aliyozaliwa, maana Mwezi hutembea kama digrii 13 kwa siku, na kama ni jioni sio alfajiri kama nilivyohesabu, mgongano unalegea sana. Na nyota sio ushahidi, uamuzi ni wenu.