Color Grading ya Lightroom Classic: bluu kwenye vivuli, chungwa kwenye mwanga, na ngozi nyeusi katikati

Natumia Color Grading tangu ilipochukua nafasi ya Split Toning mwaka 2020. Kwa kuipa picha hali yake, naipa nyota nne kati ya tano. Kuna gurudumu la rangi la vivuli, la toni za kati, la sehemu zenye mwanga, na moja la picha nzima. Chini yake kuna Blending na Balance, ambazo wengi huzipita bila kuzigusa, kumbe kazi yote iko hapo.

Chukua picha ya muuza mishikaki jioni: balbu inamulika upande mmoja, anga limeanza kuwa bluu. Rekebisha White Balance kwanza, maana rangi zinazofuata hukaa juu yake. Kisha weka Shadows kwenye Hue 215, Saturation 14, na Highlights kwenye Hue 42, Saturation 18. Ukiburuta kitone huku umeshika Shift, ukolezo tu ndio unaobadilika. Ukishika Ctrl, rangi tu.

Sasa kuza uso wake. Ngozi nyeusi kwenye mwanga hafifu huangukia upande wa vivuli, kwa hiyo bluu inamwingia shavuni na ngozi inapauka kama iliyokosa mafuta. Preseti iliyopimwa kwa uso mweupe haikuonyeshi tatizo hili. Dawa yake ni kusogeza Balance hadi +25, ili chungwa lishuke mpaka kwenye toni za uso na bluu ibaki kwenye vivuli vizito nyuma yake. Ikiwa shavu bado limefifia, weka Midtones kwenye Hue 35, Saturation 7, si zaidi.

Blending, yaani kiasi ambacho rangi za vivuli na za mwanga zinaingiliana, huanza na 50. Mimi huishusha hadi 35, kwa sababu bluu na chungwa ni rangi kinzani: zinapokutana hufutana na kuacha kijivu kisicho na uhai. Ila usiifikishe sifuri, utauona mpaka wa rangi ukikatiza shavuni.

Weusi kamili haushiki rangi. Ukiongeza Saturation na vivuli havibadiliki, nenda Point Curve, inua ncha ya chini kushoto hadi Output 12 hivi. Ukiizidisha, picha nzima inakuwa na ukungu. Balbu iliyoungua kuwa nyeupe tupu nayo itabaki nyeupe, usihangaike nayo.

Fanyia kazi RAW. Kwenye JPEG, anga la jioni likishapakwa rangi huanza kuonyesha mistari mistari.

Kama una preseti za zamani za Split Toning, zitafunguka zikiwa na Blending 100. Ukinakili namba zake kwa mkono na kuiacha Blending kwenye 50, hupati picha ileile.