Barua zinaingia, hazitoki: programu hii ya barua pepe imenitesa

Bado nina hasira. Siku tatu barua zangu zimekwama kwenye kikasha cha kutuma, mojawapo ikiwa maombi ya kazi ambayo muda wake ulikuwa unaisha. Kila nikibonyeza kutuma, narudishiwa hii:

```
530 5.7.0 Authentication required
```

Na barua za wenzangu zinaingia kama kawaida! Nikawapigia wahudumu wa barua pepe. Kijana aliyepokea hakuniacha nimalize sentensi. "Dada, umekosea nenosiri. Libadilishe." Nikamwambia nenosiri hilohilo ndilo linalopokea barua. Akasema, "Libadilishe kwanza," akakata simu. Nikalibadilisha. Kupokea nako kukagoma mpaka nilipoliingiza jipya kwenye programu, na kutuma kukabaki na 530 ileile.

Hapo ndipo nilipong'amua. Nenosiri lingekuwa na kosa, seva ingejibu 535, yaani umejitambulisha ukakataliwa. 530 maana yake hujajitambulisha kabisa. Programu yangu ilikuwa haipeleki jina wala nenosiri! Kupokea na kutuma ni seva mbili zenye mipangilio yake, na upande wa kutuma programu ilijijazia yenyewe siku nilipounganisha akaunti: poti 25, usalama hakuna, uthibitisho hakuna. Poti 25 ni mlango wa seva kupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe. Mtumiaji kama mimi hutumia 587 yenye STARTTLS, yaani mawasiliano huanza wazi kisha husimbwa yasisomeke njiani, au 465 ambayo husimbwa tangu mwanzo.

Nikawasha uthibitisho peke yake, nikaacha yaliyobaki. Kosa likageuka: sasa eti seva haikubali njia hiyo ya uthibitisho. Nilitaka kulia. Kumbe seva nyingi haziruhusu kujitambulisha mpaka mawasiliano yawe yamesimbwa, ili nenosiri lisipite wazi njiani. Nikaweka poti 587, usalama STARTTLS, uthibitisho wa nenosiri la kawaida, na jina la mtumiaji likiwa anwani nzima pamoja na kile kinachofuata @. Barua zote zikatoka kwa mkupuo.

Nilikuwa nimeshaamua kuipa nyota moja. Nikiwaza vizuri naona programu haikunidanganya. Ile 530 ilisema kweli tangu siku ya kwanza, na kwa kutafuta barua za zamani sijaona programu inayoishinda hii. Basi nyota tatu. Yule kijana wa simu ndiye aliyenipotezea siku, maana swali moja tu, "ni 530 au 535?", lingemaliza kazi.

Lakini hapana. Nani aliituma ijaze "uthibitisho hakuna" bila kuniuliza, wakati nenosiri nimeshaipa? Maombi yangu yamefika yamechelewa. Nyota mbili, na hazipandi mpaka warekebishe hapo.